Kigimbi Kimeachia Katikati ya Mbio: Msuli Umechanika au Kano Imekatika?

Mchezaji anaukimbilia mpira mrefu, anakanyaga ili aongeze kasi, na hapo hapo anahisi kama amepigwa rungu nyuma ya mguu. Wengi hugeuka kumtafuta aliyewapiga, wakakuta hakuna mtu karibu. Wengine husikia mlio, kama wa kamba iliyokatika au fimbo iliyovunjika. Baada ya hapo mguu haukubali tena kusukuma ardhi.

Maumivu ya namna hii yana vyanzo viwili vikubwa. Ama msuli wa kigimbi, yaani ile minofu ya shavu la mguu, umechanika. Ama kano ya Akile, ile kamba nene inayoshuka kutoka kwenye kigimbi hadi kwenye kisigino, imekatika. Ni muhimu kujua ni lipi mapema, kwa sababu matibabu yake hayafanani. Msuli una damu nyingi na hupona vizuri ukirudishiwa kazi kidogo kidogo baada ya siku chache. Kano ina damu haba, na ikikatika ncha zake mbili huachana. Zikiunga zikiwa mbalimbali, kano inabaki ndefu kuliko ilivyokuwa, na kano ndefu ni kama kamba ya upinde iliyolegea: kigimbi kinavuta lakini kisigino hakiinuki. Ukiitibu kano iliyokatika kama msuli uliochanika, kwa kutembea na kunyoosha mguu, ndivyo unavyozitenganisha ncha hizo.

Hatua ya 1: Acha kucheza, kisha tafuta panapouma

Usijaribu kuona kama utaweza kumaliza kipindi. Kaa chini, vua kiatu na soksi, pandisha suruali, na umwombe mwenzako apapase taratibu kuanzia kisigino kwenda juu.

Msuli ukichanika, maumivu huwa juu, kwenye unene wa kigimbi. Mahali panapochanika mara nyingi ni upande wa ndani, pale kichwa cha ndani cha msuli wa juu kinapoanza kugeuka kuwa kano, kama nusu ya njia kati ya goti na kisigino. Ukipabonyeza kwa kidole, mwenye mguu anaruka.

Kano ikikatika, mahali penyewe ni chini zaidi, kwa kawaida sentimita 2 hadi 6 juu ya mfupa wa kisigino. Kidole kikipita juu ya kano hiyo kinaweza kuzama kwenye kibonyeo ambacho mguu wa pili hauna. Papasa mapema, kwani baada ya saa chache uvimbe hujaza kibonyeo hicho na hutakihisi tena.

Ukali wa maumivu usikuongoze hata kidogo. Kano iliyokatika kabisa inaweza kuuma kwa dakika chache tu kisha ikatulia, ilhali msuli uliochanika kidogo unaweza kumliza mtu usiku kucha.

Hatua ya 2: Kipimo cha kubana kigimbi

Hiki ndicho kipimo kikubwa kuliko vyote, na hakihitaji kifaa. Madaktari hukiita kipimo cha Thompson.

Mlaze mgonjwa kifudifudi juu ya benchi, meza au kitanda, nyayo zikining'inia nje ya ukingo. Kama hakuna pa kulala, apige magoti juu ya kiti, nyayo zikiwa hewani. Alegeze mguu kabisa. Anza na mguu mzima: shika kigimbi kwa kiganja, kwenye unene wake, ukibane kutoka pande zote mbili. Unyayo utajisogeza, vidole vikielekea chini kama mtu anayekanyaga pedali. Sasa bana mguu ulioumia kwa upole.

Unyayo ukisogea, hata kama mgonjwa analalamika, kano imeshika na tatizo lipo kwenye msuli. Unyayo usiposogea, au ukitikisika kidogo tu wakati mwenzake unaenda vizuri, chukulia kwamba kano imekatika mpaka daktari aseme vinginevyo.

Ongeza kipimo cha pili papo hapo. Akiwa bado kifudifudi, akunje magoti yote mawili hadi nyayo ziangalie dari, kisha azilegeze. Kwenye mguu mzima vidole hubaki vimeinuka kidogo kuelekea dari, kwa sababu kano inashikilia kisigino. Kwenye mguu wenye kano iliyokatika, unyayo hulala bapa au vidole huangukia chini. Tofauti kati ya miguu miwili huonekana hata kwa asiye mtaalamu.

Vitu vitatu vinavyowadanganya watu hapa

Cha kwanza ni kuweza kutembea. Mwezi Aprili 2013 Kobe Bryant, mchezaji wa mpira wa kikapu wa Lakers, alikatika kano ya Akile katika mchezo dhidi ya Golden State, akatembea mwenyewe hadi kwenye mstari, akarusha mipira miwili ya adhabu na yote ikaingia. Kesho yake alifanyiwa upasuaji. Kutembea polepole kwa kukanyaga unyayo mzima hakuhitaji kano hiyo sana; kinachoihitaji ni kusukuma ardhi kwa vidole.

Cha pili ni kuweza kushusha vidole chini. Mtu anaambiwa “kanyaga kiganja changu,” anakanyaga, na wote wanafurahi kwamba kano ni nzima. Lakini misuli mingine inayopita nyuma ya vifundo, ile ya kukunja vidole na ya pembeni ya mguu, inaweza kufanya kazi hiyo kidogo. Hii ni sababu mojawapo kano zilizokatika wakati mwingine hazigunduliwi hata kwenye uchunguzi wa kwanza hospitalini. Jambo misuli hiyo haiwezi kulifanya ni kuinua mwili mzima: mwenye kano iliyokatika hawezi kuchuchumia kwa mguu mmoja. Lakini usimlazimishe ajaribu uwanjani. Kubana kigimbi kunatosha.

Cha tatu ni picha ya eksirei. Eksirei huonyesha mifupa. Ikisomeka “hakuna tatizo,” maana yake mfupa haujavunjika, basi. Kano na msuli huonekana kwa altrasaundi, na mpimaji mzuri anaweza pia kupima pengo lililopo kati ya ncha mbili za kano.

Hatua ya 3: Saa 72 za kwanza

Mpaka ujue ni lipi kati ya hayo mawili, mtunze mgonjwa kana kwamba kano imekatika. Asikanyage mguu huo. Atumie magongo au mabega ya wenzake. Vidole vielekezwe chini, si juu, kwa sababu mkao huo husogeza ncha za kano karibu na pia hupunguza mvuto kwenye msuli. Kama safari ya kwenda hospitali ni ndefu, funga kipande cha mbao laini au kadibodi nene iliyokunjwa nyuma ya mguu, vidole vikiwa chini.

Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 10 hadi 15 kila saa mbili au tatu, hupunguza maumivu. Bandeji ya kuvutika ifungwe kuanzia kwenye vidole kupanda hadi chini ya goti, si kuzungushwa kwenye kigimbi peke yake, la sivyo unyayo utavimba chini yake. Mguu uinuliwe juu ya mito wakati wa kulala. Kwa maumivu, mtu mzima mwenye ini zima anaweza kumeza parasetamoli vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Diklofenaki na ibuprofeni ni bora zisubiri siku mbili za mwanzo, kwani zinaweza kuongeza kuvuja damu kwenye jeraha.

Sasa, kuhusu kuchua. Desturi ya kumkanda majeruhi kwa maji ya moto na kumsugua kwa mafuta au dawa ya kuchua ipo kila uwanja. Kwenye msuli uliochanika leo, joto na kusuguliwa huongeza damu inayovuja ndani, donge linakuwa kubwa, na muda wa kupona unarefuka. Kwenye kano iliyokatika hakuna kitu cha kuchua, kuna pengo. Mkandaji asubiri angalau wiki moja, na hata hapo asiguse kano.

Siku ya 3 hadi ya 5 damu iliyovilia huteremka na kuonekana kuzunguka kifundo na kisigino. Watu hushtuka wakidhani kifundo nacho kimeumia. Ni mvutano wa ardhi tu, damu imefuata njia ya chini.

Nani lazima aende hospitali, na lini

Yeyote ambaye unyayo wake haukusogea kwenye kipimo, au mwenye kibonyeo kwenye kano, aende siku hiyo au kesho yake. Matibabu ya kano hufanikiwa zaidi yakianza ndani ya siku chache. Zikipita wiki kama 4, ncha zimejikunja na kufungwa na kovu, na upasuaji unakuwa mgumu zaidi.

Mweleze daktari kama katika wiki za karibuni umetumia siprofloksasini au dawa za jamii yake, au kama umewahi kuchomwa sindano ya steroidi karibu na kisigino. Dawa hizo zinajulikana kudhoofisha kano.

Kuna pia hali mbili ambazo hazisubiri asubuhi. Kigimbi kikizidi kukaza saa baada ya saa mpaka kiwe kigumu kama ubao, maumivu yakashinda dawa, na vidole vikaanza kufa ganzi, shinikizo ndani ya msuli limepanda kiasi cha kuzuia damu. Na siku au wiki zinazofuata, kigimbi kikianza upya kuvimba, kuwa na joto na kuuma bila sababu, kunaweza kuwa na damu iliyoganda kwenye mshipa. Kikifuatiwa na kifua kuuma au pumzi kukata, ni dharura ya dakika hiyo. Mguu uliofungwa usiosogea uko hatarini zaidi, ndiyo maana baadhi ya wagonjwa wa kano hupewa dawa za kuzuia damu kuganda.

Njia ya msuli: mfano wa wiki kwa wiki

Tuchukue mchezaji wa maveterani, umri miaka 41, aliyeumia Jumamosi jioni. Maumivu yapo juu upande wa ndani, unyayo ulisogea alipobanwa, anaweza kuchuchumia kwa miguu miwili ingawa kwa maumivu, na altrasaundi inaonyesha sehemu ya nyuzi zimekatika. Huo ni mchaniko wa wastani. Mchaniko mdogo hupona kwa wiki 1 hadi 3, wa wastani wiki 4 hadi 8, na msuli uliokatika kabisa huchukua miezi 3 au zaidi.

Siku 3 za kwanza anatembea kwa magongo na kuweka soli ya ziada ya sentimita 1 hadi 2 ndani ya kiatu chini ya kisigino, kwenye viatu vyote viwili ili nyonga zisiende upande. Ndala za bapa aziache kwanza, kwa kuwa humlazimisha kunyoosha kigimbi kila hatua. Anasogeza unyayo juu na chini taratibu akiwa amekaa, mara 20 kila saa chache, bila kufika mahali panapouma.

Kuanzia siku ya 4 anaanza kuinua kisigino akiwa amekaa kitini, seti 3 za mara 15. Hapa kuna siri ya kimaumbile. Kigimbi kina misuli miwili mikubwa: wa juu wenye vichwa viwili, ambao unavuka goti, na wa chini ulio bapa, ambao hauvuki. Goti likiwa limekunjwa, msuli wa juu hulegea na wa chini ndio unaofanya kazi. Kwa kuwa yeye amechanika ule wa juu, zoezi la kukaa linampa damu na mwendo bila kuvuta jeraha. Aliyechanika wa chini huona kinyume: kuinua kisigino goti likiwa limekunjwa ndiko kunakomuuma.

Wiki ya 2, akishatembea bila kuchechemea, anachuchumia kwa miguu miwili akiwa amesimama, kwanza uzito mwingi ukiwa mguu mzima, kisha sawasawa. Wiki ya 3 anajaribu mguu mmoja, seti 3 za mara 8. Kipimo cha kila siku ni hiki: maumivu yasizidi 3 kati ya 10 wakati wa zoezi, na kesho yake asubuhi kigimbi kisiwe kibaya kuliko jana. Kikiwa kibaya, arudi hatua moja nyuma, asipumzike moja kwa moja.

Sasa anafika kwenye mtego. Karibu siku ya 12 mpaka ya 18 mguu unajisikia mzima. Anapanda ngazi, anakimbilia daladala, na Jumamosi ya tatu anarudi uwanjani. Kovu la wakati huo ni jipya na laini. Linavumilia kutembea lakini halivumilii kukanyaga kwa kasi kubwa. Wengi huchanika tena papo hapo, na mchaniko wa pili mara nyingi huchukua muda mrefu kuliko wa kwanza.

Asianze kukimbia mpaka atimize masharti manne: atembee haraka dakika 30 bila maumivu, kigimbi kisiume kikibonyezwa, achuchumie kwa mguu ulioumia mara 20 au zaidi kwa kimo kilekile na asipungukiwe na zaidi ya mara 2 au 3 akilinganisha na mguu mzima, na aruke kwa mguu huo mara 10 bila kusita. Hapo anaanza kwa dakika 1 kukimbia taratibu na dakika 1 kutembea, mara 10, siku moja ndiyo siku moja hapana. Mbio za kasi huja mwisho, wiki ya 6 au 7: mita 40 kwa kasi ya kama asilimia 60, mara 4 au 5, na kila mazoezi mawili yaliyopita salama apandishe kidogo, hadi 70, 80, 90. Kuanza ghafla kutoka kusimama, kitu kilichomuumiza, kuwe ndiyo zoezi la mwisho kabisa.

Njia ya kano: muda mrefu, na kosa moja la kuepuka

Aliyekatika kano ana chaguo mbili: kushonwa, au kufungwa mguu vidole vikiwa chini na kuuacha uunge wenyewe chini ya uangalizi. Utafiti mkubwa wa Norwei uliochapishwa 2022 ulilinganisha njia hizo kwa zaidi ya watu 500. Baada ya mwaka mmoja, uwezo wa mguu kama wagonjwa walivyoueleza ulikuwa karibu sawa. Kano kukatika tena kulitokea kwa takriban 6 kati ya 100 waliotibiwa bila kupasuliwa, na chini ya 1 kati ya 100 waliopasuliwa. Lakini waliopasuliwa waliumia neva zaidi. Mkimbiaji wa ushindani, au mtu aliyechelewa na pengo ni kubwa, mara nyingi huelekezwa kwenye kushonwa. Mwenye kisukari, mvutaji sigara au mwenye ngozi mbovu mahali pale ana sababu nzuri ya kuliogopa kovu la upasuaji lisilofunga.

Kwa njia zote mbili ratiba hufanana. Wiki 2 za kwanza mguu huwa kwenye plasta, vidole chini, bila kukanyaga. Halafu huja buti maalumu lenye vipande vya kuinua kisigino, mgonjwa akianza kukanyaga kwa magongo. Kuanzia kama wiki ya 5 au 6 kipande kimoja huondolewa kila wiki au wiki mbili, mpaka unyayo ufike bapa. Kama buti hakuna, plasta hubadilishwa mara kadhaa, kila mara vidole vikipandishwa kidogo. Buti huvaliwa hata usiku, kwa sababu mguu usingizini hauna mlinzi. Ukiteleza bafuni au ukajinyoosha kitandani bila buti katika wiki hizo, kano inaweza kukatika upya. Karibu wiki ya 8 hadi ya 12 mgonjwa huhamia kwenye viatu vyenye kisigino kilichoinuliwa.

Kosa lenyewe ni kunyoosha. Akivua buti anaona kifundo kimekakamaa, na kila mtu anamshauri asimame kwenye ngazi na kushusha kisigino chini. Asifanye hivyo. Kukakamaa huko hulainika kwenyewe kwa kutembea. Kano iliyorefuka haifupiki tena bila upasuaji. Katika miezi 3 ya mwanzo unyayo usipandishwe kupita bapa, na mazoezi yawe ya kujenga nguvu: kusukuma mpira wa kuvutika kwa unyayo, vidole vikielekea chini, kuinua kisigino akiwa amekaa, kisha miguu miwili akisimama karibu na mwezi wa 3 au wa 4, zoezi likiishia unyayo unapogusa sakafu.

Kuchuchumia kwa mguu mmoja huja karibu na mwezi wa 6, na wengine hawafikii kimo cha mguu wa pili hata baada ya mwaka. Kukimbia taratibu huanza kati ya mwezi wa 4 na wa 6, uwezo ukiruhusu. Kurudi kwenye mchezo wa kukimbia kwa kasi ni mwezi wa 9 hadi wa 12. Kila mwezi pima kimo cha kisigino kwa rula ukutani, miguu yote miwili, na uandike. Kimo kikisimama palepale miezi miwili mfululizo ingawa unafanya mazoezi ipasavyo, rudi kwa daktari ukiwa na maandishi hayo, aangalie kama kano imerefuka.